Nimepanda tu kitabu: nilivyotunga mara mbili shairi la wiki ya kusoma

Mi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Morogoro na nataka kusimulia kitu kilichonipata na shairi, kwa sababu kila mwaka ikifika Aprili naona walimu wenzangu wanahangaika kutafuta "shairi la kuhamasisha watoto kusoma" halafu wanaishia kuandika lilelile nililoandika mimi mwaka wa kwanza, na najua litaishia wapi.

Wiki yetu ya kusoma tunaiweka pale penye tarehe 23 Aprili, ile Siku ya Vitabu Duniani waliyoipanga UNESCO mwaka 1995. Shuleni kwetu maktaba ni kabati. Kabati la bati la milango miwili, liko kwenye kona ya ofisi ya walimu, na funguo anayo mwalimu wa taaluma. Sasa mwaka ule wa kwanza mwalimu mkuu akaniambia madamu wewe andaa shairi, watoto walisome mstarini Jumatatu asubuhi, halafu waje waazime. Nikasema hakuna shida. Nikakaa jioni moja na chai yangu nikatunga. Ubeti wa kwanza huu hapa:

Vitabu ni mali yetu, tusome tuelimike,
Vitabu ni taa yetu, gizani tuangazike,
Tuazime watu wetu, nchi yetu iinuke,
Vitabu tuviazime, maktaba tuikumbuke.

Mizani kumi na sita kila mstari, nane kwa nane, vina vya kati -tu mpaka kibwagizo, vina vya mwisho -ke. Nilijiona Shaaban Robert kabisa. Mwalimu wa Kiswahili wa darasa la saba, mzee mmoja mkali wa arudhi, alisoma akaguna tu kwenye mstari wa mwisho, akaniuliza "maktaba umehesabu silabi ngapi?" Nikamwambia tatu, mak-ta-ba. Akasema yeye anahesabu nne, ma-k-ta-ba, kwa hiyo kipande changu kina tisa na shairi limepinda. Tukabishana weee mpaka kengele. Kumbe watoto walikuwa na jibu lao, maana Jumatatu yenyewe karibu nusu walitamka "makitaba", silabi nne safi, na pale pale shairi zima likajikwaa kama mtu aliyekanyaga ganda la embe.

Lakini hilo dogo. Tatizo kubwa ni kwamba walilisema lote vizuri tu, kwa sauti ileile ya kuimba wanayotumia kwenye jedwali la kuzidisha, wakapiga makofi, wakaenda darasani. Wiki nzima waliokuja kabatini walikuwa wanne. Mmoja wao alitumwa na mwalimu kuchukua chaki.

Nikawa nimeudhika, sikufichi. Nikaanza kusema watoto wa siku hizi hawapendi kusoma, simu simu, nk. Ila siku moja narudi nyumbani nawakuta wasichana wawili wa darasa langu wanaruka kamba huku wanaimba wimbo wao wa kuhesabu, wa kijinga hauna maana yoyote, na wanaucheka kila ukifika mwisho wa mstari, nikasimama kusikiliza kwa nini wanacheka pale pale kila mara. Ikanichukua muda. Walikuwa wanacheka kina. Lakini si kina cha shuleni, cha silabi moja ya mwisho. Walikuwa wanashika silabi mbili.

Ngoja nieleze hapa kidogo maana ndiyo kitu nilichojifunza kuliko vyote. Kiswahili tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ki-GO-ma. Ku-SO-ma. Sa-LA-ma. Kwa sheria za arudhi, kusoma na salama zina kina kimoja, -ma, hakuna mwalimu atakayekukata maksi. Lakini sikio la mtoto wa miaka nane linakwenda kwenye mkazo, na mkazo wa kusoma uko kwenye SO na wa salama uko kwenye LA, kwa hiyo yeye hasikii kitu kinachofanana. Mwambie kusoma na Kigoma, yaani -oma na -oma, hapo anageuka anakuangalia. Nililijaribu darasani kesho yake. Nikasema "Nimekaa, ninasoma, nimefika kwa salama." Kimya. Nikasema "Nimekaa, ninasoma, treni hiyo, ni Dodoma." Wakacheka, na mmoja nyuma akapaza sauti "na ngoma!", mwingine "na nyama choma!" Basi nikajua.

Na ukilitazama lile shairi langu la kwanza kwa jicho hilo unaona aibu. Tuelimike, tuangazike, iinuke, tuikumbuke. Zote vitenzi, na Kiswahili chetu vitenzi vya hivyo vyote vinaishia -e, vina unapewa bure, ni kama kushinda mbio ukiwa peke yako. Mtoto hashangai. Kinachomshangaza ni kitenzi kukutana na jina la mji, au mji kukutana na nyama choma.

Mwaka wa pili nikaanza upya. Nikaamua mambo mawili. La kwanza, mistari ya mizani nane tu, si kumi na sita, kwa sababu mtoto akipiga kelele mstarini pumzi yake inamfikisha kwenye nane, ukimpa kumi na sita anakata katikati ya neno. Na nane unaweza kugawa, upande wa wavulana waseme mmoja, wasichana wajibu. La pili, shairi lisiseme kusoma ni kuzuri. Liwe safari yenyewe. Na safari ya watoto wa Moro ni treni, maana reli ya kati inapita hapa hapa, wengine wanaisikia usiku wakiwa kitandani. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa bahati njema ya mtunzi ina Dodoma na Kigoma juu yake, miji miwili inayopatana vina na neno "soma" lenyewe. Nani alipanga hivyo sijui, mi nilishukuru tu.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na mstari huu, niliupenda sana: "Treni yetu yatembea, moja kwa moja Songea." Nikawasomea darasani kwa majaribio. Kijana mmoja, babake anafanya kazi relini, akanyosha mkono. "Madamu, treni haiendi Songea." Nikamwambia ni safari ya mawazo. Akaniambia kwa upole kabisa, "Ndiyo madamu, lakini reli haipo." Darasa zima likamuunga mkono, wakaanza kutaja, hii ya kwetu inaenda Dodoma, Tabora, pale inagawanyika, moja Mwanza, moja Kigoma, na ile nyingine ya TAZARA ndiyo inaenda Mbeya mpaka Zambia, Songea mtu anapanda basi. Walijua! Mimi nilidhani mawazo ya mtoto hayana mipaka, kumbe pweza kuvaa miwani wanakubali bila swali ila treni kwenda pasipo na reli wanakataa. Ukishatumia jina la mahali pa kweli, mahali pawe pa kweli. Vituko viwe juu yake. Nikafuta Songea.

Kosa la pili lilikuwa langu na ni la kuchekesha, ila wakati ule sikucheka. Tabora nilikuwa nimeiandikia "Ukurasa wa Tabora, tembo wawili nachora." Kina kizuri, -ora na -ora. Siku mbili baada ya kulifanyia mazoezi kitabu cha kwanza kikarudi kutoka nyumbani na tembo wawili ukurasa wa kumi na moja, kwa kalamu ya bluu, wamechorwa kwa bidii sana hata mikonga ina mikunjo. Nikamuuliza mhusika. "Madamu si shairi limesema." Ikabidi ninyamaze. Nikabadilisha, nikaweka asali, maana asali ya Tabora nani asiyeijua, na kwa bahati "bora" ikakaa vizuri zaidi ya tembo.

Basi hivi ndivyo lilivyokuwa lilipotulia, beti mbili za kwanza:

Nimekaa, ninasoma,
treni hiyo, ni Dodoma!
Ukurasa wa Tabora,
asali yake ni bora.
Nafunua, ninasoma,
lo! kumbe nipo Kigoma.
Naingia kwenye meli,
nauli sina, ni kweli!

Mkeka wakata anga,
chini naiona Tanga,
nazama hadi kilindi,
naibuka, kumbe Lindi!
Pweza kavaa miwani,
aniuliza, "U nani?"
"Nimepanda tu kitabu!"
Naye acheka, "Ajabu!"

Ile "nimepanda tu kitabu" ndiyo iliyoshika. Ikawa salamu. Unamuuliza mtoto mbona umechelewa, anakujibu nimepanda tu kitabu. Mpaka mpishi wa uji akaanza kuisema.

Sasa ungefikiri hapo kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, na hii ndiyo sehemu ambayo nadhani wengi tunairuka. Wiki moja kabla ya siku yenyewe watoto wanalijua shairi lote, wanalicheza, wanalipenda, na kabatini hawaji. Nikaanza kuwauliza mmoja mmoja, si mbele ya darasa, pembeni wakati wa mapumziko. Nikapata majibu ambayo sikuyategemea.

Wa kwanza akasema mama amekataa. Kwa nini? "Mama amesema tusikope kitu." Nikaduwaa. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe darasani nilikuwa nasema "njooni mkope vitabu", nachanganya changanya tu, kuazima kukopa, nikiona ni mamoja. Si mamoja. Ukiazima baiskeli unarudisha baiskeli ileile. Ukikopa sukari unarudisha sukari nyingine, na ukikopa hela unarudisha hela na zaidi, na mtaani kwetu kina mama wameumizwa na ile mikopo ya kausha damu mpaka neno lenyewe likiingia ndani ya nyumba watu wanashtuka. Mtoto amefika nyumbani anasema "madamu ametuambia tukakope", mama wa watu afanyeje? Toka siku hiyo "kopa" nimelitoa mdomoni kabisa, nasema azima, na neno azima lina vina vitamu kweli, nzima, mlima, kisima, heshima.

Wengine watatu wanne walisema kitu kimoja kwa maneno tofauti: kikichanika je? Nyumbani kuna mdogo wangu anatambaa. Kuna mbuzi. Mvua inavuja pale ninapolala. Na wanajua vizuri sana kwamba kitabu cha shule kikipotea kuna fimbo, au mzazi anaitwa alipe. Sasa wewe unamwimbia pweza kavaa miwani, yeye kichwani anapiga hesabu ya hasara. Angekuwa mjinga kuazima.

Na wengine hawakujua tu unafanyaje. Unamwambia nani? Unagonga mlango wa ofisi ya walimu, ile ofisi ambayo ukiitwa ujue una kesi? Ukiwa na kitabu unakaa nacho mpaka lini? Mimi nilikuwa nimeshika mapafu yao lakini miguu nimeiacha.

Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma nikamwomba vitu viwili, funguo wakati wa mapumziko ya saa nne, na ruhusa ya kuahidi kwamba kitabu kilichochanika hakuna fimbo. Funguo alinipa upesi. La pili tulivutana. Akasema ukiwaambia hivyo vyote vitarudi vipande. Nikamwambia saa hizi havirudi vipande kwa sababu havitoki, vinaliwa na mende humo ndani. Mwishoni akakubali: kuchanika tunagundisha, kupotea tunaongea na mzazi. Nikalitoa kabati, tukalibeba watu wanne tukaliweka varandani nje ya darasa langu, mbali na mlango wa ofisi. Daftari la kaunta moja, nikachora safu nne: jina, kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Kwisha. Halafu usiku ule nikaandika ubeti wa tatu, na huu haukuwa wa safari, ulikuwa wa maelekezo, ila nikauvalisha nguo zilezile:

Kimoja njoo azima,
kaa nacho wiki nzima.
Andika jina na siku,
soma na bibi usiku.
Kikichanika, si kosa,
gundi hatutaikosa.
Wiki yako ikiisha,
mbio mbio warudisha.

Mzee wangu wa arudhi alilalamika kwamba siku na usiku ni kama neno moja, kina cha uvivu. Labda. Lakini pale kwenye kosa na hatutaikosa alitikisa kichwa akatabasamu, kwa sababu kosa la kwanza ni hatia na la pili ni kukosa kitu, sauti moja maana mbili, na hilo ndilo linalompendeza mtu aliyekulia kwenye mashairi. Watoto nao walilipenda kwa sababu nyingine, walikuwa wanalisema wakimtazama mwalimu wa taaluma usoni. Mistari miwili ya mizani nane ikawa mkataba, umesomwa mbele ya shule nzima, hakuna namna ya kuukana.

Mstari wa "wiki yako ikiisha" mwanzoni ulikuwa "Ijumaa ikiisha", mizani ileile. Kisha nikatazama kalenda: tarehe 26, Muungano, mwaka ule iliangukia Ijumaa, shule imefungwa. Ningekuwa nimewapa watoto siku ya kurudisha vitabu ambayo geti lina kufuli. Mtu anaweza kudhani utunzi wa watoto ni maua maua tu, kumbe nusu yake ni kukagua ratiba.

Jumanne ya wiki ile saa nne kulikuwa na foleni mpaka kwenye mwembe. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulijaa mapumziko moja. Na hapo ndipo nikapata pigo la mwisho, la kujitakia. Watoto wanakuja wanaomba kitabu cha pweza. Hakuna. Kitabu cha meli ya Kigoma. Hakuna, bwana! Nikabaki kuwasimulia kwa mdomo pale pale kwenye foleni habari za Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kwamba ilitengenezwa Ujerumani ikafunguliwa vipande vipande ikaletwa mpaka Kigoma kuungwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isitekwe, ikakaa chini ya ziwa miaka, ikaibuliwa ikafanya kazi tena. Wanasikiliza midomo wazi. Halafu "madamu kiko wapi hicho kitabu?" Kabatini kuna nini? Hadithi za sungura na fisi, kitabu kimoja cha sayari, cha ufugaji wa kuku nakala sita, na vya kiada vya mtaala wa zamani. Nilikuwa nimetunga matangazo ya duka bila kuangalia rafu.

Kwa hiyo mwaka huu nimefungua kabati kwanza. Nimekaa na vitabu vyenyewe sakafuni nikaorodhesha vilivyomo, ndipo nikaanza kutafuta vina. Sayari imekubali haraka, sayari, safari, habari, hatari, mtu hata hatoki jasho. Fisi naye ana kesi, sorry, ana -isi: nafisi, rahisi, ibilisi, hapo nitaangalia mwenyewe nisije nikaitwa na wazazi. Kuku ndiyo amenishinda, nina huku na shuku basi, ila nakala sita zile lazima zitoke mwaka huu.

Na Moro yenyewe haikuwemo. Hilo sikuligundua mimi. Wiki iliyopita kabinti kamoja ka darasa la pili, kadogo, hata bado hakajaanza kuazima, kalinifuata varandani kakaniuliza mbona treni inaanzia Dodoma wakati sisi tunapandia hapa. Nikasema Morogoro ni ngumu mama, -oro, nitoe wapi. Kakafikiri, kakajikuna shingo, kakasema:

Nimelala kwa godoro,
naanzia Morogoro.

Nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Nane, nane. Kisarufi ingekuwa "kwenye godoro", lakini kwenye inaleta tisa, na godoroni inaua kina. Nimeiacha hivyohivyo, imekaa mstari wa kwanza.